Bei ni ya London, Dhahabu Iko Mumbai

Jumanne ya Julai 23, 2024, Waziri wa Fedha wa India, Nirmala Sitharaman, alisoma bajeti bungeni na kutangaza kwamba ushuru wa kuingiza dhahabu nchini unashuka kutoka asilimia 15 hadi asilimia 6. Bei ya dunia siku hiyo ilikuwa karibu dola 2,400 kwa aunsi, na tangazo lile halikuitikisa. Lakini katika Zaveri Bazaar, mtaa wa Mumbai ambako masonara na wauzaji wa jumla wa dhahabu wamebanana duka kwa duka, biashara iligeuka juu chini. Kabla ya bajeti wafanyabiashara walikuwa wakiuza chini ya bei rasmi ya nchini, alimradi mzigo utoke. Siku chache baada ya bajeti wakawa wanadai nyongeza juu ya bei hiyo rasmi, nyongeza ya kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka kumi.

Dhahabu ni ile ile, na bei ya dunia ni ile ile. Kilichobadilika ni nini?

Kurasa za biashara hujibu swali hili kwa haraka. Dhahabu ya India au China ikiuzwa kwa nyongeza, tunaambiwa wananchi wa huko wanaitaka sana. Ikiuzwa kwa punguzo, tunaambiwa wameichoka au imewashinda bei. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni nusu. Nusu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito, ni mlango: dhahabu inaingiaje nchini, inatokaje, nani ameshika ufunguo, na ni nani anayepitia dirishani.

Tuanze na bei yenyewe. Bei ambayo dunia nzima huitaja hupangwa London mara mbili kwa siku, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa za huko, kwa mnada wa kielektroniki. Ni bei ya aunsi moja ya dhahabu iliyolala ndani ya ghala la London, katika matofali makubwa ya takriban aunsi 400, yaani zaidi ya kilo 12 kila moja. Hakuna sonara wa Mumbai anayeweza kufanya kazi na tofali hilo. Yeye anataka kipande cha kilo moja au vidogo zaidi. Kwa hiyo tofali husafirishwa, mara nyingi hadi Uswisi, likayeyushwa na kumiminwa upya kuwa vipande vya kilo, vikakatiwa bima na kupandishwa ndege. Kazi yote hiyo hugharimu dola chache tu kwa kila aunsi. Mambo yakiwa shwari, nyongeza ya Mumbai juu ya London huwa ni hizo dola chache na faida ndogo ya benki iliyoleta mzigo.

Wengi huteleza kwenye suala la ushuru. Nyongeza au punguzo linalotajwa India halihesabu ushuru kama sehemu yake. Wafanyabiashara huchukua bei ya London, huibadili kuwa rupia, huongeza ushuru, na hapo ndipo hupata bei rasmi ya nchini. Kinachozidi hapo ndicho nyongeza, na kinachopungua ndicho punguzo.

Tupige hesabu kwa takwimu za siku zile. Dhahabu India hutajwa kwa gramu 10. Kwa dola 2,400 kwa aunsi, gramu 10 ni dola 771.6. Dola moja ikiwa rupia 83.7, tunapata takriban rupia 64,580. Ongeza ushuru wa asilimia 6, tunafika takriban rupia 68,460. Hiyo ndiyo bei ya dhahabu iliyopita forodhani kihalali, kabla ya kodi ya mauzo ya asilimia 3. Muuzaji wa Zaveri Bazaar akikutajia rupia 68,700 kabla ya kodi hiyo, amezidisha rupia 240 kwa gramu 10, ambazo ni takriban dola 9 kwa aunsi. Akikutajia 68,200, amekupunguzia karibu kiasi hicho hicho. Hesabu haina siri yoyote. Siri iko kwenye swali la kwa nini mtu akubali kuuza kwa 68,200 kitu kilichomgharimu 68,460.

Kabla ya kulijibu, tutazame nyongeza, kwa kuwa ndiyo rahisi kueleweka. Aliyewahi kuona bei ya sukari ikipaa kwetu wakati vibali vya kuagiza vimechelewa, huku sukari ikiwa tele katika soko la dunia, anaielewa nyongeza ya dhahabu bila kufundishwa. Mwaka 2013 India iliyafanya hayo kwa dhahabu, na kwa ukali.

Nchi ilikuwa imebanwa. Katika mwaka wa fedha wa 2012/13 pengo la hesabu zake na nchi za nje lilifika dola bilioni 88, rekodi kwa wakati huo, na dhahabu ilikuwa moja ya bidhaa zilizokuwa zikinyonya fedha nyingi za kigeni baada ya mafuta. Rupia ilikuwa ikiporomoka. Serikali ikapandisha ushuru wa dhahabu hatua kwa hatua, kutoka asilimia 6 mwezi Januari hadi asilimia 8 mwezi Juni na asilimia 10 mwezi Agosti. Ilipoona haitoshi, Benki Kuu ya India ikaweka sharti ambalo wafanyabiashara walilibatiza jina la 80:20. Kila anayeingiza dhahabu alitakiwa kutenga asilimia 20 ya mzigo kwa ajili ya mapambo ya kuuzwa nje ya nchi, na mzigo unaofuata ulitegemea uthibitisho kwamba sehemu hiyo imetoka kweli.

Kilichofuata kinafundisha kuliko kitabu cha uchumi. Ushuru ulikuwa umeshahesabiwa ndani ya bei rasmi. Hata hivyo, ilipofika Desemba 2013, nyongeza juu ya bei hiyo ilifika dola 160 kwa aunsi. Bei ya dunia ilikuwa ikizunguka dola 1,200 na ushei, kwa hiyo mnunuzi wa India alikuwa akilipa asilimia 10 za ushuru, na juu yake asilimia 13 hivi ambazo hazikuingia hazina ya serikali hata senti moja. Kwa kilo nzima ni zaidi ya dola 5,100, zilizokwenda kwa yeyote aliyebahatika kuwa na dhahabu mkononi kihalali, hasa wauzaji wa nje ambao sharti liliwageuza kuwa walinzi wa mlango. Mahitaji hayakuwa yamepanda kwa namna hiyo. Mlango ulikuwa umebanwa mpaka ukabaki ufa, na aliyesimama kwenye ufa akatoza kiingilio. Sharti lilifutwa mwishoni mwa Novemba 2014. Ushuru wa asilimia 10 ulibaki palepale, lakini nyongeza kubwa zile zilikuwa zimeisha.

Tofauti hiyo naiona kuwa ya msingi. Ushuru, hata uwe mkubwa kiasi gani, hauleti nyongeza ikiwa kila aliye tayari kuulipa anaruhusiwa kuingiza apendavyo. Nyongeza ikianza kupanda, waagizaji wataleta zaidi mpaka itulie. Ni kikomo cha kiasi, au uchelewaji wa ndege, kibali na makaratasi, unaoiacha ipande bila wa kuizuia.

Sasa punguzo. Katika biashara ya kawaida, bidhaa ikiwa rahisi Mumbai kuliko London, mtu angeinunua Mumbai na kuirudisha London, na pengo lingezibwa. Kwa dhahabu ya India njia hiyo haifai. Aliyelipa ushuru wa kuiingiza harudishiwi kwa kukipeleka kipande hicho hicho nje; London atalipwa bei ya London na ushuru wake umepotea. Kwa hiyo bei ya nchini inaweza kushuka chini ya bei rasmi kwa dola 20, 30 au zaidi, na kukaa huko wiki nyingi. Ikianza kushuka, chini yake hakuna sakafu iliyo karibu.

Nani huisukuma chini? Wakati mwingine ni wanunuzi kweli. Bei ya dunia ikipaa ghafla, familia zenye harusi huahirisha ununuzi au huleta bangili na mikufu ya zamani kubadilisha, na soko hujaa dhahabu ambayo haikuhitaji kupita forodhani. Kalenda nayo ina nguvu. Katika siku za Pitru Paksha, majuma mawili hivi ya kuwakumbuka wahenga kabla ya Navratri, Wahindu wengi huona si vizuri kununua dhahabu, na maduka hulala. Hayo yote ni mahitaji, na ni kweli.

Lakini chukua tena hesabu yetu, mara hii kwa ushuru wa zamani. Kilo moja ya dhahabu ina aunsi 32.15, kwa hiyo kwa dola 2,400 ni dola 77,160. Anayeiingiza kihalali kwa ushuru wa asilimia 15, kisha kodi ya mauzo ya asilimia 3 juu yake, anafikia takriban dola 91,400. Anayeiingiza kwa magendo, ndani ya mkanda kiunoni, kwenye kiti cha ndege au kwa kuvuka mpaka wa nchi kavu kutoka Nepal, Bangladesh au Myanmar, amekwepa zaidi ya dola 14,200 kwa kilo. Mtu huyo akiuza kwa punguzo la dola 40 kwa aunsi, anatoa chini ya dola 1,300 tu katika faida yake. Anabaki na nyingi mno. Mwenye duka aliyelipa ushuru hawezi kumfuata huko chini bila kula hasara, na akikataa kumfuata, wateja wanampita.

Hapo swali letu limepata jibu. Anayekubali rupia 68,200 pengine si yule ambaye dhahabu ilimgharimu 68,460. Punguzo refu na la kudumu katika nchi yenye ushuru mkubwa mara nyingi ni alama ya vidole vya mlanguzi. Gazeti likiandika kwamba dhahabu imepungua bei India kwa kuwa watu hawaitaki, huenda wakati huo huo watu wanainunua kwa wingi, ila si kwa mwenye risiti.

Ipo njia nyingine, hii ya halali, inayotoa punguzo dogo lakini la mara kwa mara. India hutoza dhahabu ghafi, ile inayotoka migodini ikiwa bado haijasafishwa, ushuru mdogo kidogo kuliko dhahabu safi ili kuvipa kazi viwanda vyake vya kusafisha. Ushuru wa dhahabu safi ulipokuwa asilimia 15, wa ghafi ulikuwa 14.35, uliposhuka hadi 6, wa ghafi ukawa 5.35. Tofauti ya asilimia 0.65 inaonekana kama vumbi, lakini kwa dola 2,400 ni karibu dola 15 na nusu kwa aunsi. Kiwanda kinaweza kukata dola tano au sita za hizo na kuuza chini ya benki iliyoleta vipande vya Uswisi, na bado kikapata. Dhahabu ya Tanzania ni miongoni mwa zile zinazonunuliwa India, kwa hiyo sehemu ya punguzo linalosomwa Mumbai huenda imebebwa na kifusi cha Kanda ya Ziwa.

Turudi kwenye bajeti ya Julai 2024. Ushuru uliposhuka kwa pointi 9, bei rasmi ya kilo ilipungua kwa karibu dola 7,000, yaani rupia laki 5.8 hivi. Aliyekuwa na kilo 50 kabatini zilizolipiwa asilimia 15 alipoteza usiku mmoja takriban rupia milioni 29. Hakuna aliyemlipa fidia. Kwa upande wa pili, faida ya mlanguzi ilikatwa karibu nusu, kutoka dola 14,200 kwa kilo hadi takriban dola 7,100, na mzigo wake ukaacha kumiminika kama zamani. Nao masonara, waliokuwa wameacha maghala matupu wakisubiri bajeti, walikimbilia kununua wote kwa pamoja, wakifukuzana na wateja walioona bei ya dukani imeshuka ghafla. Dhahabu ya halali ilibidi iagizwe, isafirishwe na kukaguliwa. Katika siku hizo za kungojea, punguzo liligeuka kuwa nyongeza. Wanunuzi waliongezeka, ndiyo, lakini bila kuondoka kwa dhahabu ya dirishani nyongeza isingefika ilikofika.

China ni kisa tofauti, na kwa namna fulani kilicho safi zaidi, kwa sababu dhahabu inayoingia kwenye Soko la Dhahabu la Shanghai haitozwi ushuru wa forodha. Pengo lolote kubwa kati ya Shanghai na London ni pengo la mlango mtupu. Na mlango huo una mwenyewe: Benki Kuu ya China hutoa leseni kwa benki chache na huamua kila moja iingize kiasi gani. Kutoa dhahabu nje ya nchi nako hakuruhusiwi kirahisi. Mlango una kufuli pande zote mbili.

Mwaka 2023 yuan ilikuwa ikidhoofika, na kila tani ya dhahabu inayoingizwa hulipiwa kwa dola. Benki Kuu ikabana vibali. Katikati ya Septemba dhahabu ya Shanghai ilipanda zaidi ya dola 100 juu ya London kwa kila aunsi. Msomaji mwenye simu na kikokotoo anaweza kuikagua hali kama hiyo mwenyewe: zidisha bei ya gramu ya Shanghai kwa 31.1035, gawanya kwa thamani ya dola, kisha linganisha na London. Yuan 470 kwa gramu, dola moja ikiwa yuan 7.28, ni dola 2,008 kwa aunsi. London ikiwa 1,910, pengo ni dola 98. Wachina wengi walikuwa wakikimbiza akiba zao kutoka nyumba na hisa, hilo halina ubishi. Lakini mahitaji kama hayo yakikutana na mlango ulio wazi huleta ndege nyingi zaidi za dhahabu, na nyongeza hubaki ya dola chache. Yakikutana na mlango uliobanwa huleta dola 100.

Miaka mitatu nyuma, katika janga la UVIKO-19, Shanghai ilikuwa imeonyesha upande wa pili. Mnamo Agosti 2020 bei ya dunia ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza, ikisukumwa na wawekezaji wa nchi za Magharibi, ilhali maduka ya mapambo ya China hayana wateja. Dhahabu ya Shanghai ikauzwa kwa punguzo la zaidi ya dola 50. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuipakia na kuipeleka London kuvuna tofauti hiyo, punguzo lilikaa. Uagizaji ulishuka sana, nchi ikala akiba yake taratibu.

Takwimu zenyewe nazo huhitaji jicho. Forodha ya India haitozi ushuru kwa bei ya dakika hiyo. Hutangaza thamani yake ya dhahabu, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili. Bei ya dunia ikiruka katikati ya wiki hizo, mwagizaji hulipa ushuru kwa thamani ya zamani iliyo ndogo, gharama yake halisi huwa chini ya ile ya kwenye karatasi, na linajitokeza punguzo ambalo kwa kiasi fulani ni la kihesabu tu. Shanghai nako, bei ya kufunga soko hupatikana saa kadhaa kabla London haijapanga yake. Siku bei inayumba kwa dola 40 kati ya saa hizo, pengo utakaloliona ni la saa. Ndiyo maana pengo la siku moja silijali. La wiki tatu mfululizo naliuliza maswali.

Mwaka 2025 ulitoa mtihani mzuri kwa wale wanaoamini kwamba bei kubwa daima huleta punguzo. Machi, bei ilipokuwa ikivunja rekodi kuelekea dola 3,000, India iliuza kwa punguzo kubwa, kama ilivyotarajiwa. Oktoba, bei ikiwa imeshavuka dola 4,000, sikukuu ya Dhanteras ikikaribia, dhahabu ya India iliuzwa kwa nyongeza iliyofika dola 25. Wanunuzi wa mapambo walikuwa wamepunguza uzito wa mikufu, lakini walionunua vipande na sarafu kama akiba waliongezeka wakihofia kuachwa na bei. Ushuru haukubadilika kati ya miezi hiyo miwili, na hapa nakubali kwamba mahitaji ndiyo yaliyoongea. Nyongeza yenyewe, hata hivyo, ilikuwa dola 25 katika dola 4,000, chini ya asilimia moja, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Iweke kando ya dola 160 za mwaka 2013.

Serikali zinazobana mlango huwa na sababu, na sababu ya fedha za kigeni si ya kudharauliwa. Lakini kipimo cha gharama ya sera hiyo kiko hadharani kila siku, na hakipikwi na wizara. Nyongeza inapopanda, inasema ni kiasi gani wenye vibali wanavuna. Punguzo linapozama katika nchi yenye ushuru mzito, linasema ni kiasi gani wasio na vibali wanavuna. Tanzania iliona sura yake ya jambo hilo upande wa wauzaji. Mwanzoni mwa 2019 Bunge liliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kisha masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, Geita likiwa la mapema. Kabla ya hapo, mtu aliyeuza kwa njia rasmi alikuwa akikatwa kwa kiasi ambacho broka wa gizani angeweza kukipunguza nusu, akampa bei nzuri zaidi, na bado akabaki na faida ya kumfikisha Dubai. Na dhahabu inayotoka kwa mlango wa nyuma Afrika Mashariki ikiisha kufika Dubai, ni ndege ya saa tatu tu kufika Mumbai.